Mpunga Uliobaki Ghalani: Gharama Huandikwa Lini?

Kanuni ya ulinganishaji katika uhasibu inaagiza kwamba gharama iandikwe katika kipindi kile kile yanapoandikwa mapato yaliyopatikana kwa msaada wake. Tarehe ya kulipa haiamui jambo. Fedha inaweza kutoka mwezi Juni na gharama ikaandikwa Februari ya mwaka unaofuata. Inaweza pia kutoka Januari wakati gharama yenyewe ilishaandikwa Desemba. Mhasibu hujiuliza swali moja: fedha hii imesaidia kuleta mapato gani, na mapato hayo ni ya kipindi kipi?

Swali hili lisingekuwapo kama biashara zingehesabiwa mara moja tu, siku zinapofungwa. Siku hiyo bidhaa zote zimekwisha kuuzwa, wadaiwa wamelipa, wadai wamelipwa, na faida ya maisha yote ya biashara ni tofauti ya fedha iliyoingia na iliyotoka. Lakini hakuna anayeweza kusubiri kiasi hicho. Mwenye mali anataka kujua kila mwaka kama anapata au anapoteza, benki inataka kujua kabla ya kukopesha, wabia wanataka kugawana, na serikali inadai kodi yake. Kwa hiyo maisha ya biashara hukatwa vipande vya miezi kumi na miwili, na kisu hicho hakiangalii shughuli imefika wapi. Hupita katikati ya msimu, katikati ya mkataba wa pango, hata kati ya mauzo na malipo yake. Kazi ya kanuni ya ulinganishaji ni kuhakikisha kwamba kisu kinapopita, mapato na gharama zake zinabaki upande mmoja.

Biashara ya mpunga inaonyesha jambo hili waziwazi, kwa kuwa mpunga hununuliwa kwa wingi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kisha huuzwa kidogo kidogo bei inapopanda. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Mbarali, mkoani Mbeya, ambaye mwaka wake wa hesabu unaishia tarehe 31 Desemba. Bei zilizotumika hapa ni za mfano tu. Mwanzoni mwa Juni ananunua magunia 200 kwa shilingi 80,000 kila moja, na kila gunia linasafirishwa hadi ghalani kwa shilingi 2,000. Ghala amelipanga kwa mwaka mzima, kuanzia Juni hadi mwisho wa Mei, na amelipa kodi yote ya shilingi 1,200,000 kwa mkupuo. Mlinzi analipwa shilingi 100,000 kwa mwezi, na mshahara wake hutoka mwanzoni mwa mwezi unaofuata. Dalali anayeleta wanunuzi hupata shilingi 3,000 kwa kila gunia lililouzwa. Kuna pia mashine ndogo ya kupima unyevu, maana mpunga unaozidi unyevu wa takriban asilimia 14 huota ukungu ghalani. Mashine hiyo imenunuliwa kwa shilingi 600,000 na inatarajiwa kufanya kazi miaka mitano.

Hadi mwisho wa Desemba magunia 120 yameuzwa kwa shilingi 110,000 kila moja. Tisini yamelipiwa papo hapo. Thelathini yamechukuliwa na shule mwezi Desemba, na shule itayalipa Januari. Magunia 80 bado yako ghalani.

Sasa kitazamwe kitabu cha fedha peke yake. Fedha iliyoingia ni shilingi 9,900,000, yaani bei ya magunia tisini. Iliyotoka ni pamoja na bei ya mpunga wote, usafiri wake, kodi ya mwaka mzima, mishahara sita ya mlinzi, sehemu ya malipo ya dalali na mashine, jumla shilingi 19,100,000. Mwaka unaonekana kufungwa kwa upungufu wa shilingi 9,200,000. Mwaka unaofuata shule inalipa, magunia 80 yanauzwa Februari kwa shilingi 125,000 kila moja, na karibu hakuna kilicholipwa zaidi ya mishahara michache na haki ya dalali. Kitabu kinaonyesha ziada ya shilingi 12,700,000.

Takwimu hizi zote ni za kweli, lakini hazina jibu la swali aliloulizwa mhasibu. Anayesoma mwaka wa kwanza ataamini kwamba biashara ya mpunga inafilisi, naye anaweza kuuza magunia yaliyobaki kwa bei ya kutupa ili aokoe anachoweza. Anayesoma mwaka wa pili ataamini kwamba mpunga unalipa kupita kiasi, akope, akanunue mara tatu msimu ujao. Hasara ya mwaka wa kwanza haikuwapo, na faida ya mwaka wa pili haikufikia hata robo ya ile iliyoonekana. Mtu huyo huyo, ghala lile lile na mpunga ule ule vimetoa picha mbili zinazopingana, kwa sababu tu ununuzi uliangukia upande mmoja wa Desemba na sehemu kubwa ya fedha za mauzo upande mwingine.

Ulinganishaji huanza na mapato, kwa kuwa ndiyo yanayozivuta gharama. Mapato huandikwa yanapopatikana kwa haki, yaani muuzaji anapokuwa amekabidhi alichoahidi na mnunuzi amewajibika kulipa. Magunia ya shule yalitoka ghalani Desemba. Umiliki ukahama, deni likawepo. Kwa hiyo mapato ya mwaka wa kwanza ni ya magunia yote 120, shilingi 13,200,000, ingawa shilingi 3,300,000 kati yake hazijafika mkononi. Utaratibu huu wa kuandika shughuli inapotokea, bila kusubiri fedha, wahasibu huuita uhasibu wa malimbikizo, na ndio shamba ambamo kanuni ya ulinganishaji huota.

Baada ya mapato kujulikana, inatafutwa gharama ya magunia yaliyoyaleta. Kila gunia lilifika ghalani kwa shilingi 82,000, usafiri ukiwemo, kwa sababu mpunga uliobaki Ubaruku au Rujewa usingeweza kuuzwa kutoka ghalani kwake. Magunia 120 yana gharama ya shilingi 9,840,000. Bei ya magunia 80 yaliyobaki haiguswi: bado haijaleta mapato yoyote, kwa hiyo haina mwaka wa kuingia ila ule watakaouzwa. Tofauti ya mauzo na gharama ya bidhaa zilizouzwa, shilingi 3,360,000, ndiyo faida ghafi.

Hapa uhusiano wa gharama na mapato ni wa moja kwa moja; gunia likitoka, gharama yake inatoka nalo. Haki ya dalali ni ya aina hiyo hiyo. Inazaliwa pale gunia linapouzwa, kwa hiyo magunia 120 yanabeba shilingi 360,000, hata kama dalali atalipwa shilingi 60,000 za mwisho mwezi Januari. Asiyeziandika shilingi hizo Desemba ameuonyesha mwaka wa kwanza kuwa mzuri kuliko ulivyokuwa, na mwaka wa pili ataulipisha kazi ambayo haukuifaidi.

Kodi ya ghala na mshahara wa mlinzi haviwezi kufuata gunia kwa namna hiyo. Ghala hulindwa likiwa na magunia 200 au mawili. Gharama za namna hii huambatanishwa na muda: miezi saba kati ya Juni na Desemba inabeba shilingi 700,000 za kodi, na shilingi 500,000 zilizobaki ni haki ya kutumia ghala kuanzia Januari hadi Mei. Mlinzi naye amefanya kazi miezi saba ingawa amelipwa sita. Mshahara wa Desemba ni gharama ya Desemba, na hadi atakapoupokea ni deni.

Wengi huuliza kwa nini kodi na ulinzi visigawanywe kwa magunia na kusubiri ghalani pamoja na mpunga, ilhali kusubiri bei ndiko kunakoleta faida yenyewe. Hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo, viwango vya kimataifa vya uhasibu, ambavyo Tanzania ilianza kuvitumia Julai 2004 kwa uamuzi wa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, haviruhusu gharama za kuhifadhi bidhaa iliyokwisha kuwa tayari kuuzwa ziongezwe kwenye thamani yake. Zinaruhusu pale tu ambapo kuhifadhi ni hatua ya lazima katika uzalishaji, kama jibini inayoiva au mbao zinazokaushwa kabla ya kuchanwa. Sababu yake inaeleweka. Kama kila mwezi wa kusubiri ungeongeza thamani ya mpunga vitabuni, mfanyabiashara aliyekosa soko kwa mwaka mzima angekuwa na mpunga wa gharama kubwa kuliko wote, na uvivu wa soko ungesomeka kama mali.

Mashine ya kupima unyevu inahitaji njia ya tatu. Itasaidia misimu mitano, wala hakuna anayeweza kuonyesha ni gunia lipi lililotumia kiasi gani cha mashine. Bei yake husambazwa kwa miezi sitini, shilingi 10,000 kila mwezi, na mwaka wa kwanza unabeba shilingi 70,000. Huu ndio uchakavu. Watu wengi hudhani kwamba uchakavu hupima jinsi kifaa kilivyoshuka bei sokoni, au kwamba ni fedha inayowekwa akiba ili kununua kingine. Uchakavu ni mgawanyo wa gharama iliyokwisha kulipwa, ili kila msimu uliotumia mashine uchangie bei yake. Fedha haiendi popote siku unapoandikwa.

Ukijumlisha dalali, kodi, mlinzi na uchakavu, inapatikana shilingi 1,830,000. Zikitolewa kwenye faida ghafi, mwaka wa kwanza umeleta faida ya shilingi 1,530,000. Kwa njia hiyo hiyo, miezi ya Januari hadi Mei inaleta faida ya shilingi 2,450,000, ikiwa mlinzi aliachishwa ghala lilipobaki tupu mwisho wa Februari. Vipindi vyote viwili vina faida, na cha pili kimezidi kwa sababu inayoonekana: bei ya gunia ilipanda kutoka 110,000 hadi 125,000. Hilo ndilo jambo ambalo mwenye biashara alihitaji kulijua, na ndilo lililofichwa na kitabu cha fedha. Tena hakuna shilingi iliyobuniwa. Jumla ya faida za vipindi viwili ni shilingi 3,980,000. Fedha iliyoongezeka mkononi ni shilingi 3,500,000. Zilizobaki 480,000 ni sehemu ya mashine ambayo misimu ijayo bado haijaichangia.

Gharama iliyolipwa lakini haijapata mapato yake huwekwa kwenye mizania, ile taarifa ya mali na madeni inayoandaliwa siku ya mwisho ya mwaka. Tarehe 31 Desemba mizania ya mfanyabiashara huyu ina mpunga wa shilingi 6,560,000, deni la shule la 3,300,000, kodi iliyolipwa mapema 500,000 na mashine ya 530,000. Upande wa pili kuna deni la mlinzi na la dalali, jumla 160,000. Ukianza na upungufu wa fedha wa shilingi 9,200,000, ukaongeza mali hizo na kutoa madeni hayo, unafika pale pale: shilingi 1,530,000. Mizania hapa ni chumba cha kusubiria. Mpunga unatoka humo siku ya kuuzwa, kodi inatoka mwezi kwa mwezi, mashine inatoka taratibu kwa miaka mitano.

Hatari yote ya kanuni hii imo katika chumba hicho. Si kila kilicholipwa kina haki ya kusubiri. Kinachoruhusiwa ni kile tu ambacho bado kina manufaa yanayotarajiwa kwa sababu zenye msingi. Panya wakila magunia matano mwezi Novemba, shilingi 410,000 zake haziwezi kusubiri Februari, kwa sababu hakuna mnunuzi atakayelipia magunia yasiyokuwapo. Zinaandikwa hasara siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo bei ikiporomoka. Tuseme kufikia mwisho wa Desemba mavuno ya kwingine yameshusha soko hadi shilingi 75,000 kwa gunia. Ukitoa haki ya dalali, gunia lililogharimu 82,000 litarudisha 72,000 tu, na shilingi 10,000 za kila gunia lililobaki huandikwa hasara katika mwaka unaoisha. Kuzipeleka mwaka ujao kwa hoja kwamba zitakutana na mauzo yake ni kutumia kanuni dhidi ya lengo lake.

Zipo pia gharama ambazo uhusiano wake na mapato unakubalika na kila mtu lakini hauwezi kupimwa. Tangazo la redio la Juni huenda likaleta wanunuzi Oktoba, au mwaka ujao, au lisilete kabisa. Kwa kuwa hakuna njia ya kuaminika ya kujua, viwango vinaagiza liandikwe gharama mara linapotolewa. Ndivyo ilivyo kwa mafunzo ya wafanyakazi na kwa utafiti wa awali wa bidhaa mpya. Ulinganishaji kamili ungetaka vinginevyo. Uhakika ndio unaokosekana.

Mvutano huu umebadilisha cheo cha kanuni yenyewe. Mwaka 1940 wataalamu wawili wa Marekani, Paton na Littleton, walichapisha kitabu kilichoufanya ulinganishaji wa juhudi na matunda yake kuwa moyo wa uhasibu, na kwa miongo kadhaa wahasibu wengi walifundishwa hivyo. Matokeo yakawa mizania zilizojaa vitu ambavyo havikuwa mali wala madeni, bali gharama zilizosukumwa mbele ili faida ya kila mwaka ionekane tulivu. Mwongozo wa dhana wa viwango vya kimataifa uliotolewa 2018 unakubali kwamba gharama na mapato yanayotoka katika shughuli moja huandikwa pamoja, lakini unasisitiza kwamba ulinganishaji si lengo linalojitegemea. Kitu kikishindwa kukidhi maana ya mali hakiingii kwenye mizania, hata kama mhasibu angependa kikae humo hadi mapato yafike. Msimamo huu ni wa busara, na sababu yake kubwa inaonekana katika kampuni ya simu ya WorldCom.

WorldCom, yenye makao yake Clinton katika jimbo la Mississippi, Marekani, ilikuwa ikizilipa kampuni nyingine za simu kila mwezi ili zipitishe mawasiliano ya wateja wake kwenye nyaya zao. Simu ikipigwa Machi, mapato ni ya Machi na ada ya nyaya ni ya Machi. Uhusiano wake ni wa wazi kama wa gunia na bei yake. Mauzo yalipodorora, wakuu wa fedha walianza kwa kupunguza madeni yaliyokwisha kuandikwa kwa ajili ya ada hizo. Madeni ya kupunguza yalipokwisha, mwaka 2001 na robo ya kwanza ya 2002 wakahamishia ada zenyewe kwenye mizania, kana kwamba ni mitambo itakayotumika kwa miaka. Gharama ya mwezi mmoja ikapewa miaka mingi ya kuchakaa, na faida ikabaki juu.

Uhamisho huo uligunduliwa na wakaguzi wa ndani wa kampuni hiyo, wakiongozwa na Cynthia Cooper, walioona kiasi kikubwa kimeingia kwenye mali bila idhini wala vifaa vya kuonyesha. Tarehe 25 Juni 2002 kampuni ilitangaza kwamba zaidi ya dola bilioni 3.8 zilikuwa zimeandikwa isivyo, na kwamba bila hizo ingekuwa imepata hasara. Mwezi uliofuata iliomba kinga ya mufilisi. Uchunguzi ulipoendelea, jumla ya makosa ilifika takriban dola bilioni 11, na mwaka 2005 mkuu wake, Bernard Ebbers, alihukumiwa kifungo cha miaka 25.

Udanganyifu wa aina hii, mkubwa au mdogo, huacha alama zilezile. Ya kwanza ni faida inayopanda mwaka hadi mwaka huku fedha taslimu kutoka kwenye biashara ikipungua. Kwa msimu mmoja jambo hilo ni la kawaida, kama mfano wa mpunga ulivyoonyesha, lakini mpunga ukiuzwa fedha lazima irudi. Isiporudi kwa miaka miwili mitatu, kuna gharama iliyokwama mahali. Ya pili ni mali ya ajabu kwenye mizania: malipo ya awali yanayokua haraka kuliko mauzo, au bidhaa ghalani zinazoongezeka wakati wateja hawaongezeki. Ya tatu ni asilimia ya faida ghafi inayopanda bila bei kupanda wala gharama ya ununuzi kushuka.

Mkaguzi wa hesabu huitafuta alama ya karibu zaidi pale kisu kilipopita. Huchukua hati za kupokea na kutoa mzigo za siku chache kabla na baada ya tarehe 31 Desemba, akazilinganisha na vitabu. Magunia thelathini ya shule yakiwa yameandikwa mauzo ya Desemba, hati iwe na tarehe ya Desemba, na magunia hayo yasionekane tena kwenye hesabu ya ghala ya siku ya mwisho. Yakihesabiwa ghalani huku mauzo yake yameshaandikwa, mapato yameingia bila gharama yake na faida imezidishwa kwa shilingi 2,460,000. Kisha hutazama malipo ya Januari moja moja, akiuliza kila moja lilikuwa la kazi ya mwezi gani. Hapo ndipo mshahara wa mlinzi na shilingi 60,000 za dalali zinapojitokeza, kama hazikuandikwa mapema.